Kumvalisha Big Smoke shati jekundu bila kuiua gemu

Mdogo wangu ni Simba damu, na gemu anayoicheza kila jioni ni GTA San Andreas, ile ya zamani ya kompyuta iliyotoka 2005. Siku moja akaniuliza hivi kwa nini Big Smoke, mmoja wa wahusika wa gemu hiyo, anavaa shati la kijani, rangi ya Yanga, na kama inawezekana kumvisha jekundu. Nikamwambia inawezekana, tena kazi ya rangi yenyewe haifiki hata nusu saa. Ila nimeshaona watu wengi wakijaribu kitu hiki hiki wanaishia na gemu inayofunguka nusu na kujifunga, halafu wanadhani wamekosea kwenye rangi, kumbe rangi haina kosa lolote, kilichoharibika ni sanduku walilolitolea ile picha. Kwa hiyo naeleza vyote viwili, rangi na sanduku, kwa kumfuata Big Smoke mwanzo mpaka mwisho.

Kwanza jua mhusika wa gemu ametengenezwaje. Kuna umbo, yaani mwili wenyewe mtupu, na kuna tekscha, ambayo ni picha ya kawaida kabisa iliyolala bapa. Fikiria fundi cherehani amekata vitambaa vya shati, mgongo huku, mikono kule, kola pembeni, vyote vimetandazwa mezani bado havijashonwa. Ndivyo tekscha inavyoonekana ukiifungua, uso umebapa kama umepasuliwa, shati kipande, suruali kipande. Umbo ndilo linalojua kipande kipi cha picha kinakaa wapi mwilini. Hii ndo sababu kubadili rangi ni salama kuliko kubadili kitu kingine chochote, maana ukipaka bila kusogeza kipande wala kubadili ukubwa wa picha, umbo halijui kama kuna kilichotokea, linaendelea kuchukua pale pale lilipozoea.

Kwenye San Andreas umbo la Big Smoke ni faili la `smoke.dff` na picha zake ziko kwenye `smoke.txd`. Lakini ukiingia kwenye folda ya gemu hutayaona hayo mafaili hata utafute mpaka kesho, kwa sababu yamefungiwa pamoja na maelfu ya mengine, magari, majumba, miti, watu, ndani ya faili moja kubwa linaloitwa `gta3.img`, liko kwenye folda ya `models` na linakaribia gigabaiti moja. Hilo ndo sanduku ninalolisema. (Naongelea ile ya kompyuta ya 2005. Ile iliyofanyiwa ukarabati 2021 imejengwa kivingine kabisa, na ya kwenye simu nayo inatunza picha zake kwa mpango mwingine, kwa hiyo hatua hizi usizipeleke huko.)

Sa kabla hujagusa chochote, bakapu. Watu wengi wanakopi `gta3.img` wanaiweka hapo hapo kwenye `models` na kuipa jina la `gta3 - Copy.img`, halafu baada ya wiki wanafuta folda nzima ya gemu ili wainstolu upya na bakapu inakwenda nayo. Iweke nje ya folda ya gemu, kwenye diski nyingine kama unayo, au flashi. Na usiishie kukopi tu, hakikisha kopi imefika nzima, maana flashi nyingi za mtaani zinakubali kupokea faili kubwa halafu ukija kulifungua limekatika katikati. Kama gemu yako iko `D:\GTASA`, fungua cmd uandike hivi:

```
mkdir E:\AKIBA
copy D:\GTASA\models\gta3.img E:\AKIBA\
fc /b D:\GTASA\models\gta3.img E:\AKIBA\gta3.img
```

Ule mstari wa mwisho unalinganisha mafaili mawili baiti kwa baiti. Inachukua dakika kadhaa, usikate. Ikikuletea `FC: no differences encountered` hapo ndo una bakapu ya kweli. Ikianza kumwaga namba kwenye skrini basi kopi ni mbovu, ifute urudie, na kama ni flashi tafuta nyingine.

Jambo lingine dogo ila linasumbua, bofya kulia kwenye `gta3.img`, ingia Properties, angalia kama kuna tiki kwenye Read-only. Gemu iliyokopiwa kutoka kwenye sidii mara nyingi inakuja na hiyo tiki, na programu ya kuhariri itakataa kuandika au itajifanya imeandika. Iondoe. Na kama gemu iko ndani ya `Program Files`, mi nashauri uihamishe folda nzima nje kwanza, Windows ina ulinzi wake kule na programu za zamani zinagombana nao.

Haya, sanduku linafunguliwa na programu kama Alci's IMG Editor, au ile ya zamani zaidi IMG Tool, zote zinafanya kazi. Funga gemu kabisa, fungua `gta3.img`, tafuta `smoke`. Utakuta `smoke.dff`, `smoke.txd`, na pia `smokev.dff` na `smokev.txd`. Hiyo yenye v ni Big Smoke wa mwisho wa gemu, yule aliyevaa fulana ya kuzuia risasi, ana picha zake tofauti, kwa hiyo usije ukashangaa umembadilisha huku halafu ukifika kule hana rangi yako. Toa nje `smoke.txd`, yaani export, ihifadhi kwenye ile folda ya `AKIBA` kama ilivyo, halafu ikopi tena pembeni ndo hiyo kopi utakayoifanyia kazi. Kwa hiyo sasa una bakapu mbili, moja ya sanduku zima na moja ya kifurushi cha Big Smoke peke yake. Hii ndogo ndo utakayoitumia mara nyingi, maana ukikosea rangi huhitaji kurudisha gigabaiti nzima, unarudisha kifurushi tu.

Kifurushi cha `.txd` kinafunguliwa na Magic.TXD. Ukiifungua inakuonyesha picha zilizomo na chini ya kila jina inaandika ukubwa na aina ya mgandamizo. Piga picha ya skrini au andika mahali, jina la picha, ukubwa, mgandamizo na idadi ya ngazi za mipmap, ambazo nitazieleza mbele. Vinne hivyo ndo mkataba wako na gemu, rangi badili utakavyo ila hivi vinne viache vilivyo. Kisha toa picha kama PNG.

Sasa rangi. Kosa la kwanza la kila mtu ni kuchukua kindoo cha rangi na kumwaga nyekundu kwenye shati. Ukifanya hivyo mikunjo yote inapotea, kivuli cha kwapani kinapotea, vifungo vinapotea, na kwenye gemu Big Smoke anaonekana kama amebandikwa karatasi ya plastiki. Kumbuka gemu ya zamani kama hii mikunjo ya nguo haipo kwenye umbo, imechorwa kwenye picha, kwa hiyo weupe na weusi wa kila pikseli ni lazima ubaki, unachohamisha ni rangi tu.

Kwenye GIMP, rudufu leya kwanza ili ya asili ibaki chini. Chukua kifaa cha kuzungushia kwa mkono, Free Select, zungushia vipande vya shati tu. Usitegemee GIMP ichague kijani yenyewe, kwa sababu kijani cha nguo iliyofifia kina njano ndani yake na ngozi pia ina njano, ukiiambia ikamate yote yenye kijani na njano itakamata mpaka mashavu, utapata Big Smoke mwenye uso wa zambarau. Zungushia kwa mkono, dakika kumi zinatosha, kingo zake zilainishe pikseli moja tu, usizidishe.

Halafu pima rangi kabla ya kuihamisha. Chukua Color Picker, bofya sehemu ya shati yenye mwanga wa wastani, sio kwenye kivuli kizito wala kwenye mng'ao, usome namba ya H, yaani Hue, inayosema ni rangi gani. Rangi zimepangwa kwenye duara la nyuzi 360, nyekundu iko 0, kijani kamili iko 120, bluu iko 240. Watu husikia hivyo wanakimbilia kushusha 120 moja kwa moja, lakini shati likiwa limeegemea njano kidogo, tuseme H inasoma 95, ukishusha 120 unapita nyekundu unaangukia kwenye pinki, na mdogo wangu pinki hakuitaka. Kama inasoma 95 shusha 95. Ingia Colors, Hue-Saturation, acha ile Master ya katikati, Hue peleka -95. Shati linageuka jekundu na mikunjo yake yote ipo pale pale. Hapo angalia kwa macho, nguo iliyofifia ikigeuzwa hutoa nyekundu ya matofali, ukitaka ile ya jezi pandisha Saturation taratibu, 20 mpaka 30, ukiona mipaka ya vivuli inaanza kuonekana kama ngazi ujue umezidisha.

Hii njia ina mpaka wake. Nyeusi, nyeupe na kijivu hazina H ya kuhamisha, utavuta mpaka mwisho na hakuna kitakachobadilika. Kofia ya Big Smoke kwa mfano ni nyeusi, kuigeuza huku haiwezekani, inabidi utumie Colorize ambayo inaweka rangi mpya juu ya weusi na weupe uliopo, na kwa kitu cheusi ni lazima pia upandishe Lightness, la sivyo itabaki nyeusi yenye harufu ya rangi kwa mbali. Nguo nyeupe ndo rahisi kuliko zote kwa Colorize, shusha Lightness kidogo tu inakubali.

Hifadhi kazi yako kama faili la GIMP lenyewe, `.xcf`, halafu toa PNG yenye ukubwa ule ule. Hilo la `.xcf` nalisisitiza kwa sababu ya kitu kinachoitwa DXT, ambacho naomba nikae nacho kidogo, maana ndicho kinachoharibu kazi nzuri za watu bila wao kujua.

Picha za gemu hii hazikai kama PNG, zimegandamizwa kwa mtindo wa DXT1 kwa picha zisizo na uwazi, au DXT3 kwa zenye uwazi. DXT1 inaikata picha vigae vidogo, kila kigae pikseli 4 kwa 4, na kwenye kila kigae inatunza rangi mbili tu, nyingine mbili inazipata katikati ya hizo. Yaani pikseli 16 zinagawana rangi nne. Kigae kikiwa chote ndani ya shati hakuna shida, rangi nne za nyekundu zinatosha. Shida iko kwenye kigae kilichokaa mpakani, nusu shati nusu shingo. Zamani kilikuwa na kijani iliyofifia na kahawia, rangi zinazokaribiana, sasa umeweka nyekundu kali, na kile kigae kinalazimika kutafuta rangi za katikati kati ya nyekundu na kahawia, na unaona vimraba vidogo vya ajabu kwenye kola. Na kila ukitoa picha kutoka kwenye `.txd`, ukaipaka, ukairudisha, inagandamizwa upya juu ya uharibifu wa kwanza, mara ya nne au ya tano shati linakuwa kama picha iliyozunguka magrupu ya WhatsApp mwaka mzima. Ndo maana unatunza `.xcf`, ukitaka kurekebisha unarudi pale, hutoi tena kutoka kwenye `.txd`.

Vimraba vya kola vikikukera unaweza, kwa picha hiyo moja tu, kukiuka ule mkataba wa vinne na kuirudisha bila mgandamizo. Gharama yake inahesabika, picha ya 256 kwa 256 kwa DXT1 ni baiti 32,768, bila mgandamizo ni 262,144, mara nane. Kwa mhusika mmoja gemu haitasema kitu. Ila usifanye hivyo kwa watu wote wa mtaani, gemu hii ina kiasi maalum cha kumbukumbu ilichojitengea kwa picha na umbo, ukiijaza utaona barabara na majengo yanachelewa kutokea mbele yako.

Rudi Magic.TXD, chagua ile picha ya asili, bonyeza Replace, weka PNG yako. Jina liachie lile lile, herufi kwa herufi, kwa sababu umbo linaita picha kwa jina. Ukiona Big Smoke ametokea mweupe kama sanamu ya plasta, hiyo ndo maana yake, ameita jina na hakuna aliyeitika. Kama picha ilikuwa na mipmap, zitengeneze upya humo humo. Mipmap ni vijipicha vidogo vya picha ile ile ambavyo gemu inavitumia mhusika akiwa mbali, na ukisahau dalili yake huwezi kuikosa, akiwa karibu shati jekundu, akirudi nyuma hatua ishirini linageuka kijani. Kabla ya kuhifadhi hakikisha imelengwa San Andreas ya PC, Direct3D 9, maana Magic.TXD inaweza kutengeneza pia kwa ajili ya PS2 na nyinginezo, na kifurushi cha PS2 ukikiweka kwenye gemu ya PC mhusika akiitwa tu, gemu inajifunga.

Sasa kurudisha sandukuni, na hapa ndo gemu nyingi zinafia. Ndani ya `gta3.img` mwanzoni kuna orodha, inasema kila faili linaanzia wapi na lina urefu gani, na urefu unahesabiwa kwa vyumba vya baiti 2,048. Picha ya baiti 32,768 ingejaza vyumba 16 kamili, lakini `.txd` ina maelezo yake juu ya picha, kwa hiyo inamwagikia chumba cha 17. Ukirudisha kifurushi kilekile kwa ukubwa, kinaingia kwenye nafasi yake ya zamani. Kikiwa kikubwa zaidi, programu inakipeleka mwisho wa sanduku na kusahihisha orodha, ile nafasi ya zamani inabaki tupu. Kazi ya Rebuild ni kulipanga sanduku lote upya ili hizo nafasi tupu ziondoke, na ili ifanye hivyo inaliandika sanduku zima, gigabaiti nzima, kuanzia mwanzo.

Fikiria sasa umeme unakatika Rebuild ikiwa asilimia 60. Kwangu ulikatika, kompyuta ya mezani, haina betri, na nilichobaki nacho ni sanduku ambalo orodha yake inataja mafaili ambayo hayajaandikwa. Gemu ilifika kwenye ule mstari wa kulodi ikazima yenyewe, bila ujumbe wowote. Hakuna programu ya kutengeneza hilo, dawa ni moja tu, kurudisha `gta3.img` kutoka `E:\AKIBA`, na ndo nilichofanya. Kwa hiyo Replace fanya, Rebuild subiri mpaka uwe na uhakika wa umeme, au ukitumia laptopu hakikisha ina chaji. Kama kifurushi chako hakijazidi ukubwa wa zamani, Rebuild huihitaji kabisa.

Kuna njia ambayo haigusi sanduku, na siku hizi mi ndo naipenda. Inaitwa Mod Loader, ya LINK/2012, inakwenda vizuri zaidi na toleo la 1.0 la gemu na inahitaji kuwe na ASI Loader, programu ndogo inayoiingizia gemu nyongeza kama hizi. Ukishaiweka inakupa folda ya `modloader`, ndani yake unatengeneza folda yako na kutupia kifurushi:

```
D:\GTASA\modloader\shati_jekundu\smoke.txd
```

Gemu ikimwita Big Smoke, Mod Loader inaikatiza na kuipa kifurushi chako badala ya kile cha sandukuni. Ukichoka, unafuta ile folda, Big Smoke anarudi kijani, na `gta3.img` haijawahi kujua kitu. Hata hivyo bakapu yangu ya sanduku siifuti, kwa sababu mdogo wangu naye anadaunlodi mods zake na nyingi zinakuja na kiinstola kinachoandika moja kwa moja kwenye sanduku bila kuuliza.

Kupima ni rahisi, Big Smoke unakutana naye mwanzoni kabisa. Anza gemu mpya, panda baiskeli mpaka Grove Street, ingia nyumbani, misheni ya kwanza ni yake. Save zako za zamani hazidhuriki, save haitunzi picha wala rangi. Angalia mambo matatu, anapokuwa karibu nawe kwenye gari mkielekea makaburini, kola yake, na anapokuwa mbali. Ukiona kwenye kile kipande cha video bado ana shati la kijani halafu mkitoka nje ni jekundu, hujakosea, wahusika wa video wana sanduku lao jingine humo humo kwenye `models`, linaitwa `cutscene.img`, na kazi inarudiwa kule kwa hatua hizi hizi, bakapu yake kwanza.

Na gemu ikigoma kufunguka kabisa usianze kuinstolu upya. Toa kifurushi chako, rudisha `smoke.txd` ya asili, jaribu. Ikifunguka, tatizo liko kwenye kifurushi, rudi ukaangalie vile vinne ulivyoviandika, jina, ukubwa, mgandamizo, mipmap, na ule mlengo wa San Andreas. Isipofunguka, tatizo ni sanduku, rudisha `gta3.img` nzima kisha piga tena ule mstari wa `fc` kuhakikisha imefika salama. Yule dogo wangu nilimfundisha hivyo hivyo, na juzi nimemkuta amelivalisha genge zima la Ballas la kwenye gemu rangi ya njano, ameandika majina ya picha na ukubwa wake kwenye daftari la hesabu, mstari kwa mstari.